Hela Ilisomwa Kwenye Faili Gani, Mstari wa Ngapi?

Mwanachama wa Saccos anafika kaunta na daftari lake. Ni mwalimu wa sekondari, anakatwa shilingi 50,000 kila mwezi kwenye mshahara, na kila akipokea hati ya mshahara hukaa chini akaandika. Daftari lake linasema akiba ni shilingi 2,340,000. Kompyuta ya ofisi inasema 2,190,000. Tofauti ni shilingi 150,000.

"Mwalimu, mfumo ndio unaonyesha hivi," karani anamwambia.

"Na mimi makato yangu ndiyo haya, mwanangu. Sasa huo mfumo umeitoa wapi hiyo hesabu?"

Katika ofisi nyingi swali hilo halina jibu. Karani anaweza kuona kiasi, tarehe na jina la mwanachama, lakini haoni kiasi hicho kilisomwa kwenye karatasi gani, faili gani, ukurasa gani. Tarakimu imeshaingia kwenye kompyuta, na ilikotoka pamesahaulika. Kinachofuata ni kubishana: daftari la mwanachama dhidi ya kioo cha kompyuta. Kwa kawaida kioo ndicho kinachoshinda, hata kama ndicho kilichokosea.

Mwalimu huyu na Saccos yake nimewatunga ili tuwe na hesabu ya kufuata kwa vidole. Tatizo lenyewe sikulitunga. Linazuka kila mahali ambapo data inatoka sehemu moja na kuhamia nyingine: hospitali inayoacha majalada na kuingia kwenye mfumo, chama cha ushirika kinachounganisha matawi mawili, kampuni ya maji inayohamisha usomaji wa mita. Dawa yake ni ya bei nafuu mno, na huumiza kuona inavyoachwa: ni safu chache za ziada kwenye jedwali la mwisho, zinazosema kila mstari ulizaliwa wapi.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Jedwali la kompyuta lina mistari inayolala na safu zinazosimama. Mchango mmoja wa mwezi mmoja ni mstari mmoja. Kiasi, tarehe na namba ya mwanachama ni safu. Kazi ya kusoma mistari kutoka faili la nje na kuiingiza kwenye jedwali nitaiita kupakia, na kila upakiaji mmoja nitauita mzigo.

Saccos yetu inapokea michango kwa njia tatu. Kuna orodha ya makato inayotoka kwa mwajiri kila mwisho wa mwezi kama faili la CSV, kuna taarifa ya malipo ya simu, na kuna stakabadhi za kaunta kwa wanaoleta fedha taslimu. Zote tatu zinaishia kwenye jedwali moja la michango. Hapo ndipo tofauti zao zinapofutika. Elfu hamsini ya mshahara na elfu hamsini ya simu, zikishaingia, zinafanana kama maji kwenye mtungi.

Watu wengi wakiambiwa waongeze chimbuko huongeza safu moja, `chanzo`, na kuandika humo neno "makato" au "simu". Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila siku ya ubishi haifiki mbali. Kujua kwamba mchango umetoka kwenye makato ni kujua umetoka kwenye mamia ya mistari ya faili mojawapo kati ya mafaili ya miaka yote. Wengine huongeza saa ya kupakia. Nayo inasaidia kidogo tu, maana saa inakueleza mzigo ulipoingia, haikuelezi mstari uliusoma wapi. Kipimo changu ni kigumu kuliko hapo: mtu ambaye hakuwepo siku ile, akiwa na mstari mmoja wa jedwali mkononi, aweze kuweka kidole juu ya mstari uleule wa faili lililouzaa. Akishindwa, safu hazijatosha.

Jedwali linalofikia kipimo hicho linaweza kuwa hivi:

```sql
CREATE TABLE michango (
  id             bigint PRIMARY KEY,
  mwanachama_id  int NOT NULL,
  mwezi          date NOT NULL,
  kiasi          numeric(14,2) NOT NULL,
  mzigo_id       int NOT NULL,
  mstari_chanzo  int NOT NULL,
  namba_chanzo   text,
  kanuni         text,
  inarekebisha   bigint
);
```

Safu nne za kwanza kila mfumo unazo. Tano za chini ndizo habari yetu.

`mzigo_id` inaelekeza kwenye jedwali jingine dogo, jedwali la mizigo, ambalo lina mstari mmoja kwa kila faili lililopakiwa. Humo ndimo mnakaa jina la faili, njia iliyotumika (makato, simu au kaunta), saa ya kupakia, aliyepakia, toleo la programu, mistari mingapi ilisomwa, mingapi iliingia, mingapi ilikataliwa, na jumla ya fedha. Sipendi kuona jina la faili limerudiwa kwenye kila mchango. Jina refu linakula nafasi, na lisipoandikwa kwa namna moja faili moja linageuka kuwa mawili. Namba ya mzigo inachukua baiti 4 na namba ya mstari baiti 4. Michango milioni moja inaongezeka megabaiti 8 tu, ambazo ni kama picha chache za simu.

`mstari_chanzo` ni namba ya mstari ndani ya faili. Inaonekana rahisi, lakini ina mtego ambao ni lazima uamuliwe na uandikwe mapema: tunahesabu kuanzia wapi? Excel inahesabu kuanzia 1 na kichwa cha jedwali kinakuwa mstari wa 1. Programu nyingi zinaanzia 0, tena baada ya kuruka kichwa. Mstari ambao karani anauona kuwa wa 212 programu inauita 210. Mistari mitupu katikati ya faili ikirukwa, tofauti inazidi kukua kadiri unavyoshuka. Siku ya ubishi mtu anafungua faili, anakwenda mstari wa 210, anamkuta mwanachama mwingine kabisa, na anatoa hukumu juu ya fedha za jirani. Mimi huchagua hesabu ya Excel, kichwa kikiwa 1 na mistari mitupu ikihesabiwa, kwa sababu ndiyo inayoonwa na macho ya mtu atakayekagua.

`namba_chanzo` ni namba ya mwanachama kama ilivyoandikwa kwenye faili, kabla programu haijaigusa. Inahifadhiwa kama maandishi, kamwe si kama tarakimu. Tutaona sababu hivi punde. Kwa malipo ya simu, safu hii ndiyo mahali pa ile namba ya muamala inayokuja kwenye ujumbe mfupi. Kwa kaunta ni namba ya stakabadhi, ila hapo ukumbuke kwamba matawi mawili yanaweza kuwa na vitabu viwili vyenye stakabadhi namba 00451. Peke yake haitambulishi kitu. Inatambulisha ikiwa pamoja na mzigo wake.

`kanuni` inasema programu ilifikaje kwa mwanachama huyu. Ilikuta namba ikilingana moja kwa moja? Ilibidi ijaribu njia nyingine? Hii ndiyo safu inayosahauliwa kuliko zote, na kwenye kisa chetu ndiyo itakayofungua mlango. `inarekebisha` tutaifikia.

Nje ya jedwali la michango kuna kitu kimoja zaidi, na bila hicho safu zote hizi zinaelekeza hewani: mistari ghafi. Kila mstari wa kila faili unanakiliwa kama ulivyo, herufi kwa herufi, kwenye jedwali lenye namba ya mzigo, namba ya mstari na maandishi yenyewe. Hakuna kusafisha wala kurekebisha majina. Faili asilia nalo linawekwa kando, mahali ambapo hakuna anayeweza kuandika juu yake, na alama yake ya SHA-256 inaandikwa kwenye jedwali la mizigo. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Ukibadilisha hata nukta moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Kwenye Windows unaipata kwa amri hii:

```
certutil -hashfile makato_2023_08.csv SHA256
```

Sasa turudi kwa mwalimu. Karani anaanza na kilicho rahisi: anapanga michango ya mwalimu kwa miezi. Anakuta miezi yote imejaa isipokuwa Agosti, Septemba na Oktoba 2023. Tatu mara 50,000 ni 150,000. Tofauti imepata umbo, na tayari ubishi umepungua: hakuna tena suala la kumbukumbu mbaya wala hesabu ya kujumlisha. Ni michango mitatu inayojulikana kwa miezi.

Anafungua jedwali la mizigo. Makato ya Agosti ni mzigo namba 31, faili `makato_2023_08.csv`. Mistari 418 ilisomwa, 418 iliingia, hakuna uliokataliwa. Jumla ni shilingi 19,260,000, na hiyo ndiyo jumla iliyoingia benki kutoka kwa mwajiri. Habari hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Inasema fedha za Agosti zilifika zote na zikaandikwa zote. Kama mwalimu alikatwa, elfu hamsini yake imo humu, kwenye akaunti ya mtu.

Kumtafuta kwa namba ya uanachama hakutasaidia, maana kwa namba hiyo hayumo. Lakini orodha ya mwajiri ina safu nyingine ambayo Saccos haikuwa ikiitumia: cheki namba ya mtumishi. Karani anaisoma kwenye hati ya mshahara ya mwalimu na kuitafuta ndani ya mistari ghafi ya mzigo 31. Inatokea mara moja, mstari wa 212. Jina ni la mwalimu, cheki namba ni yake, kiasi ni 50,000. Sasa swali ni mstari huo wa 212 uliishia wapi:

```sql
SELECT mwanachama_id, kiasi, namba_chanzo, kanuni
FROM michango
WHERE mzigo_id = 31 AND mstari_chanzo = 212;
```

Jibu ni mstari mmoja:

```
 mwanachama_id |  kiasi   | namba_chanzo | kanuni
---------------+----------+--------------+--------
          1093 | 50000.00 | 147          | kamili
```

Mwanachama 1093 si mwalimu wetu. Ni mwanachama mwingine, wa tawi la pili. Na hapo kwenye `namba_chanzo` ndipo penye siri. Mwalimu ni mwanachama namba 0147 wa tawi la kwanza, ambalo tangu zamani linatumia namba za tarakimu nne. Tawi la pili, lililoungana na la kwanza baadaye, linatumia tarakimu tatu, kuanzia 101 hadi 186, na mwanachama wake namba 147 ni mtu mwingine. Faili la Agosti lilisema 147. Sifuri ilikuwa imepotea.

Aliyewahi kufungua faili la CSV kwa Excel anajua inapopotelea. Excel ikiona 0147 inadhani ni tarakimu ya kuhesabia, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi, basi inaiondoa. Ukihifadhi faili, imeondoka moja kwa moja. Hii ndiyo sababu namba ya chanzo lazima ikae kama maandishi: lau jedwali letu lingeihifadhi kama tarakimu, 0147 na 147 zingefanana, na hata leo tusingejua kama sifuri ilipotelea nje ya mfumo au ndani.

Sasa kwa nini kosa kubwa hivyo halikuonekana siku ileile? Faili lilikuwa na wanachama 340 wa tawi la kwanza, wote wakiwa wamepoteza sifuri. Safu ya `kanuni` inajibu. Kwenye mzigo 31, mistari 317 ina neno `sifuri_imejazwa` na mistari 101 ina neno `kamili`. Kwenye mzigo wa Julai neno lililokuwepo ni `kamili` pekee. Kisa kinajisimulia: mwezi Agosti programu ilishindwa kuwapata watu mia tatu na kitu, mtu akashtuka, akaongeza kanuni ya haraka kwamba namba isiyopatikana ijazwe sifuri mbele mpaka itimie tarakimu nne, kisha itafutwe upya. Ikafanya kazi. Mistari yote ikaingia, jumla ikalingana na benki, kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Lakini kanuni hiyo iliwahudumia walioshindwa kupatikana tu. Mwalimu wetu hakushindwa kupatikana. Namba 147 ilikuwepo, ya mtu mwingine, na programu ikampa. Kosa linalogonga ukuta hupiga kelele. Hili lilipata mlango wazi likaingia na kukaa kimya. Hakuna jumla ya mzigo wala ripoti ya mistari iliyokataliwa ambayo ingelionyesha.

Mistari 101 ya `kamili` inachambulika. Kwa kila mmoja, karani analinganisha cheki namba iliyo kwenye mstari ghafi na cheki namba ya mwanachama aliyepokea fedha. Mistari 78 inalingana. Hao ni wa tawi la pili kweli. Mistari 23 hailingani. Ni mwalimu na wenzake 22, ambao wengine pengine hawana daftari na hawangekuja kudai kamwe. Miezi mitatu, mistari 69. Kwangu mimi hapa ndipo thamani ya safu hizi inapoonekana waziwazi kuliko penginepo: alikuja mtu mmoja na daftari, wakatendewa haki ishirini na watatu.

Upande wa pili nao una watu. Mwanachama 1093 kwa miezi mitatu aliona akiba yake ikinona kwa shilingi 150,000 zisizo zake. Ikiwa Saccos hiyo inakopesha mara tatu ya akiba, alikuwa na haki ya kukopa shilingi 450,000 zaidi ya anachostahili, na huenda amekwishakopa. Kuigundua mistari hiyo leo kuna nafuu kuliko kuigundua baada ya mkopo kushindwa kulipika.

Limebaki swali la nani aliyeondoa sifuri: mwajiri au ofisi? Ni swali linaloharibu urafiki kama halina ushahidi. Karani anarudi kwenye barua pepe ya mwajiri ya Agosti, anapakua kiambatisho na kukokotoa alama yake ya SHA-256. Hailingani na alama iliyoandikwa kwenye mzigo 31. Anakifungua kiambatisho kwa Notepad badala ya Excel, na sifuri zote zipo mahali pake. Basi faili lilitoka kwa mwajiri likiwa zima. Lilifunguliwa hapa ofisini, labda kwa nia njema ya kusahihisha jina, likahifadhiwa, kisha ndilo likapakiwa. Hakuna barua ya lawama ya kumwandikia mwajiri, na kuna utaratibu mmoja wa kubadilisha ndani: linalopakiwa ni faili kama lilivyopokewa, na masahihisho yanafanywa baada ya kuingia.

Masahihisho yenyewe yanahitaji adabu. Njia ya mkato ni kuubadilisha mstari ule: futa 1093, andika namba ya mwalimu, kwisha. Ukifanya hivyo mstari unaendelea kudai kwamba umetoka mstari wa 212 wa mzigo 31 kwa kanuni `kamili`, jambo ambalo si kweli tena, na salio alilochapishiwa mwanachama 1093 mwaka jana halitaweza kuelezwa na mtu yeyote. Wahasibu walijua tangu enzi za leja za karatasi kwamba hufuti kwa kifutio. Unaandika kinyume chake. Kwa kila kosa mwalimu na mwenzake wanaandikiwa mistari miwili mipya: mmoja wa kutoa 50,000 kwa 1093, na mmoja wa kuingiza 50,000 kwa mwalimu. Yote miwili inabeba namba ya mzigo mpya wa aina ya marekebisho, ambao chanzo chake ni fomu iliyosainiwa na mhasibu, na safu ya `inarekebisha` inataja `id` ya mstari uliokosewa. Marekebisho nayo ni data, na yenyewe yanastahili chimbuko. Nimeona mifumo inayofuatilia kila faili la nje kwa uangalifu mkubwa, halafu inaruhusu mtu mwenye nywila abadilishe salio kwa mkono bila kuacha alama yoyote. Hapo ubishi wote wa siku zijazo utakimbilia.

Hatari ya namna hiyo hiyo imejificha kwenye programu zinazopakia kwa mtindo wa "kama upo ubadilishe, kama haupo uongeze". Zinafaa kwa anwani na simu. Kwa fedha, kila upakiaji mpya unaweza kufunika namba ya mzigo wa zamani kwa namba mpya, hata pale kiasi hakijabadilika, na baada ya mwaka kila mstari utadai umezaliwa jana usiku.

Mpaka hapa nimezungumzia mstari mmoja uliotoka kwenye mstari mmoja. Mambo hayawi hivyo daima. Salio la shilingi 2,190,000 halikunakiliwa popote, limejumlishwa kutoka kwenye michango mingi. Mwaka 2001 Peter Buneman, Sanjeev Khanna na Wang-Chiew Tan walichapisha kazi iliyotenganisha maswali mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: thamani hii imenakiliwa kutoka wapi, na ni data gani zilizoifanya iwepo. Kwa mchango mmoja majibu yanakaribiana. Kwa jumla yanaachana, kwa sababu jumla haina mahali iliponakiliwa. Ina orodha ya waliochangia. Ukihifadhi salio kwenye jedwali la mwisho wa mwezi, usijaribu kulibandikia `mstari_chanzo` mmoja. Weka namba ya hesabu iliyolizalisha, na jedwali dogo la katikati linalosema hesabu hiyo ilijumlisha michango ipi. Au, kama michango yenyewe haifutwi wala haibadilishwi, inatosha kuandika mpaka `id` ya ngapi ilijumlishwa. Mtu anaweza kuirudia na kupata tarakimu ileile.

Mstari unaokusanya vitu kutoka vyanzo mbalimbali una shida ya aina nyingine. Rekodi ya mwanachama inaweza kuchukua jina kutoka tawi, namba ya simu kutoka kampuni ya simu na cheki namba kutoka kwa mwajiri. Chanzo kimoja kwa mstari mzima kitakuwa cha uongo kwa theluthi mbili za mstari. Hapo chimbuko linashuka hadi kwenye safu: `simu` inafuatwa na `simu_mzigo_id`, na kadhalika. Ni kazi ya kuchosha, na sishauri kuifanya kwa kila kitu. Ichaguliwe kwa vile vitu ambavyo watu hubishania: simu inayopokea fedha, tarehe ya kuzaliwa, mrithi.

Kuna jambo ambalo safu hizi haziwezi kabisa. Zinaandikwa kwenye mistari iliyofika. Mstari ambao haukufika hauna pa kubandikiwa. Mwaka 2020 Uingereza ilijifunza hilo katikati ya janga la Uviko. Shirika la afya ya umma la nchi hiyo lilikuwa likiingiza majibu ya maabara kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, XLS, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa bila onyo. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba walikosekana kwenye hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Kila mstari ulioingia ulikuwa sahihi na ungeweza kufuatiliwa hadi maabara. Hesabu ya mistari ya faili asilia, ikilinganishwa na hesabu ya iliyoingia, ndiyo ingeonyesha pengo, na ndiyo maana jedwali la mizigo lina hesabu hizo. Ila hesabu ya mistari ichukuliwe kwenye faili la mwenye data, kabla programu yetu haijaligusa. Tukihesabu baada ya kukatwa, pande zote mbili zitalingana vizuri na zote zitakuwa pungufu.

Tena, kufika kwenye chanzo hakumaanishi chanzo ni sahihi. Kama mwajiri mwenyewe angekosea akaandika 147, karani angefika mstari wa 212 na kukuta kosa limekaa pale tangu mwanzo. Hata hivyo angejua barua iandikwe kwa nani, na aambatishe nini.

Mistari ghafi ina majina, cheki namba na makato ya watu, kwa hiyo haiwezi kuachwa kwenye folda ambayo ofisi nzima inaifungua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na mistari ghafi ndiyo inayowezesha haki hiyo itekelezwe badala ya kubaki kwenye karatasi. Lakini sheria hizohizo hazitaki data ikae milele bila sababu. Ofisi iamue mapema muda wa kuitunza, kwa kuangalia mkopo wake mrefu kuliko yote unaisha lini na sheria za hesabu zinadai nini. Muda ukifika, maandishi ghafi yafutwe, na namba ya mzigo, namba ya mstari na alama ya faili zibaki. Hazimtaji mtu, na mwajiri akiwa bado na nakala yake, bado zinatosha kuithibitisha.

Na michango ya zamani, iliyokwisha kuhamishwa bila alama yoyote? Kishawishi ni kuipa chimbuko la kukisia: hii inaonekana kama makato, ibandikwe makato. Isifanyike. Ifunguliwe mzigo mmoja wenye jina `kabla_ya_ufuatiliaji`, tarehe ya kuhama iandikwe, na mistari yote ya zamani ielekezwe huko, `mstari_chanzo` ikiwa 0, namba ambayo haimo kwenye faili lolote. Mwanachama akija kubishania mchango wa mwaka 2015, karani ataona mara moja kwamba kompyuta haina ushahidi wowote juu yake, na kwamba daftari lililo mkononi mwa mwanachama ndiyo nyaraka pekee iliyopo.